Kwa Nini Tunatoza Kukagua Onyo la Akaunti Kabla ya Kugusa Kiungo Chochote

Wapo wateja wanaoondoka dukani kwetu hapa Mwanjelwa wakinung'unika kwamba tumewatoza shilingi 20,000 kwa kubofya simu tu, na wa karibuni zaidi amelisema hilo mbele ya wateja wengine. Kwa kuwa ametuhusisha na utapeli, tunaona ni haki kueleza kazi hiyo ilivyokuwa.

Mteja huyo anauza miche ya parachichi Tukuyu, na oda zake nyingi hupitia ukurasa wake wa Facebook. Alipata ujumbe kwenye Messenger kutoka kwa akaunti iliyojiita huduma kwa wateja ya Meta, yenye nembo na kila kitu, ukisema kwamba ukurasa wake utafutwa ndani ya saa 24 asipothibitisha umiliki. Facebook haitumi maonyo ya akaunti kupitia Messenger, kwa hiyo mahali ujumbe ulipoingilia pekee palitosha kuutilia shaka. Kiungo chake kilikuwa na muundo wa namna hii (jina tumelibadilisha):

```
https://facebook.com.rejesha-ukurasa.example/login
```

Macho ya wengi huishia kwenye facebook.com mwanzoni. Sisi hutafuta mkwaju, yaani alama ya `/`, wa kwanza baada ya `https://`, kisha tunasoma kurudi nyuma: mwenye anwani hii ni `rejesha-ukurasa.example`, na hayo maneno ya mbele kila mtu anaweza kuyabandika.

Mteja alibofya kiungo hicho, akaandika neno la siri, kisha ukurasa ukamwomba namba iliyotumwa kwa ujumbe mfupi. Namba ikaingia kweli, tena kutoka Facebook yenyewe, na hapo ndipo shaka yake yote ilipoisha. Kilichotokea ni kwamba tapeli alikuwa akiingiza lile neno la siri kwenye Facebook halisi wakati huohuo, na Facebook ikafanya wajibu wake wa kutuma namba kwa mwenye simu. Namba ilikuwa halali. Aliyeiomba ndiye hakuwa halali. Namba ya aina hiyo huandikwa kwenye programu uliyoifungua mwenyewe tu, na ikija wakati hujaomba chochote, maana yake kuna mtu anajaribu kuingia.

Muda mfupi baadaye ikaja barua pepe kutoka `security@facebookmail.com`, ikimjulisha kwamba anwani yake ya barua pepe kwenye akaunti imebadilishwa, pamoja na kiungo cha kutengua mabadiliko hayo. Kwa kuwa alikwisha kushtuka, aliiona nayo ni ya matapeli, akaifuta. Onyo la uongo alilitii, la kweli akalitupa, kisha akamtumia fedha mtu wa WhatsApp aliyejitangaza kuwa hurejesha akaunti kwa nusu saa. Huyo alipokea fedha, akaomba ya kuongeza, kisha akamzuia. Njia hii ya mkato tunaiona kila mara, na aghalabu fedha inayopotelea huko huzidi bei yetu.

Gmail huhifadhi barua zilizofutwa kwa siku 30 kwenye Trash, nasi tuliikuta humo. Hatukuibofya mara moja, kwani jina la mtumaji linaweza kughushiwa. Tuliifungua kwenye kompyuta, tukabonyeza mshale mdogo chini ya jina la mtumaji, na kwenye mstari wa `signed-by`, unaoonyesha nani aliyeitia barua sahihi, ikasomeka `facebookmail.com`. Hata hapo hatukumaliza, maana matapeli wamewahi kutumia mialiko halisi ya kibiashara ya Facebook kupenyeza maneno yao, nayo hutoka kwenye anwani hiyohiyo. Tukasoma kiungo chenyewe, tukaona `facebook.com` ipo mara tu kabla ya mkwaju. Ndipo mteja akabofya mwenyewe na kuandika neno jipya la siri kwa mkono wake, kwa sababu sisi hatupokei neno la siri la mtu.

Muda mwingi ulikwenda baada ya hapo: kuondoa simu ngeni zilizokuwa ndani ya akaunti, na kumtoa msimamizi mpya ambaye tapeli alimwongeza kwenye ukurasa. Msimamizi huyo akiachwa, kubadilisha neno la siri hakusaidii kitu, kwani ukurasa unabaki mikononi mwake.

Mwenye akaunti iliyo wazi bado hahitaji kutulipa. Afungue Facebook mwenyewe, aende Settings, kisha Accounts Center, Password and security, na Recent emails. Barua za usalama zilizotumwa na Facebook huorodheshwa hapo, na ile aliyoipokea isipoonekana aiache. Kwa upande wa Google, afungue `myaccount.google.com` na kutazama shughuli za karibuni kwenye sehemu ya Security.

Aliyekwisha kufungiwa nje aje na simu aliyozoea kuitumia na laini iliyosajiliwa kwenye akaunti, na asifute barua yoyote njiani. Kama barua ya kutengua haipo tena, tunaanzia `facebook.com/hacked`, na tunamwambia mapema kwamba hapo uamuzi ni wa Facebook, si wetu.