Kushinda mechi si kufuzu

Mhariri,

Safu yenu ya utabiri wa mechi za mtoano huandika "fulani atashinda" na kuishia hapo. Naomba msiishie hapo. Nilikaa miaka mitatu nyuma ya dirisha la duka la kubeti, na ugomvi mwingi niliousuluhisha ulitokana na neno hilo moja.

Chukua usiku wa Aprili 5, 2024, Yanga ikiwa Pretoria kwa Mamelodi Sundowns, marudiano ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Dar es Salaam walikuwa wametoka 0-0, na Pretoria wakatoka 0-0 tena. (Lile shuti la Aziz Ki lililogonga mwamba nisilifufue, tutakesha.) Mechi haikuongezwa dakika 30, ilikwenda moja kwa moja kwenye matuta, na Sundowns wakapita kwa 3-2. Mtu aliyeweka "1", yaani Sundowns mwenyeji kushinda, mkeka wake ulichanika. Timu yake iko nusu fainali, yeye hana kitu. Aliyechukua "X", yaani sare, kalipwa, hata kama ni Yanga damu na kalala akilia. Ni aliyechagua soko la kufuzu, lile linaloandikwa To Qualify kwenye simu, ndiye matuta yalimhusu. Na hakuna aliyerudishiwa hela kwa sababu ya matuta. Wengi huja dirishani wakiamini mechi ikifika huko beti hufutwa. Haifutwi. Soko la 1X2 linafungwa kwa matokeo ya dakika 90, na sare ni mojawapo ya matokeo hayo.

Dalili yake unaiona mwenyewe: mechi inayokwenda dakika 30, mara nyingi mkeka wa 1X2 hubadilika rangi wachezaji wakiwa bado wanakunywa maji kabla ya kuanza upya. Wa kufuzu unabaki unasubiri.

Sasa kuna pale panapochanganya zaidi, na hapa Kiswahili chetu cha mpira kina lawama. "Dakika za nyongeza" tunaziita zile za kibao cha mwamuzi wa akiba, tena tunaziita zile 30 za baada ya sare. Kwa malipo ni vitu viwili mbalimbali. Bao la dakika ya 90+6 limo ndani ya "dakika 90", kwa kuwa muda uliopotea ni sehemu ya mchezo wa kawaida. Bao la dakika ya 96 halimo.

Aprili 12, 2022, Real Madrid waliwakaribisha Chelsea wakiwa wametangulia kwa 3-1 kutoka London. Chelsea wakafunga matatu, Rodrygo akarudisha moja dakika ya 80, na dakika 90 zikaisha Chelsea wakiongoza 3-1. Jumla 4-4. Kisha Benzema akafunga kwa kichwa dakika ya 96, Madrid wakafuzu kwa jumla ya 5-4. Mechi moja, wateja wawili wakishangilia timu tofauti, na wote wana haki ya kulipwa: mwenye "2" kwa ushindi wa Chelsea, na mwenye kufuzu kwa Madrid. Aliyeweka zaidi ya mabao 4.5 aliona matano kwa macho yake, lakini yanayohesabiwa ni manne. Na aliyeweka Benzema kufunga, kwa kanuni za kawaida za soko hilo, hakupata, kwa sababu bao limekuja nje ya tisini.

Tofauti hii ndiyo inayofanya odi ziachane. Tuseme, kwa mfano tu, fainali ya mechi moja ambayo timu ina asilimia 45 za kushinda ndani ya tisini, sare 28. Ukiigawa sare nusu kwa nusu, nafasi ya kulibeba kombe inakuwa asilimia 59. Odi bila faida ya kampuni ni kama 2.22 kwa ushindi na 1.70 kwa kombe. Mtu akiona 2.22 anadhani kapata bei nzuri ya kitu kile kile. Hajapata, kauziwa kitu chenye nafasi ndogo zaidi. Kwenye marudiano pengo linaweza kuwa kubwa kuliko hapo, maana timu iliyotangulia mechi ya kwanza inaweza kufungwa na bado ikapita.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu ni la nafasi ndogo tu kwenye ukurasa wenu: mbele ya kila utabiri wa mtoano, andikeni "ndani ya 90" au "kufuzu". Na mkitaja mfungaji, semeni kama dakika 30 zimo.

Msomaji wenu,
Mbeya