Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi wa Kongo: mizinga na kambi za raia havikai pamoja

Mheshimiwa Waziri,

Asubuhi ya tarehe 3 Mei 2024, makombora yaliangukia kambi za waliokimbia vita huko Mugunga na Lac Vert, magharibi mwa Goma. Waliouawa walizidi kumi, wengi wao wakiwa watoto na wanawake. Serikali yako iliishutumu Rwanda na waasi wa M23, na Marekani nayo ikasema makombora yalitoka kwenye ngome zao. Kigali ikakana. Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Septemba 2024, ilisema Rwanda na M23 walipiga maeneo ya raia, na pia kwamba jeshi letu lilikuwa limeweka mizinga karibu na kambi hizo na hivyo kuwaongezea hatari waliokuwa ndani.

Ninafundisha sheria ya vita, na ninakuandikia kuhusu kosa hilo la pili, kwa sababu ndilo lililo mikononi mwako. Lakini nianze na la kwanza, nisije nikaonekana ninampunguzia mzigo aliyerusha.

Mjadala wa mashambulizi ya aina hii kwa kawaida hukimbilia swali la uwiano: je, raia waliouawa walikuwa wengi kupita faida ya kijeshi iliyotarajiwa? Swali hilo ni halali, ila linakuja la pili. La kwanza ni kama silaha iliyotumika, kwa umbali ule, ingeweza kulenga kitu kimoja na kukiacha cha jirani. Kama haiwezi, shambulio ni haramu hata kama halikuua mtu. Ibara ya 51 ya Itifaki ya Kwanza ya 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, inalikataza moja kwa moja, na kanuni hiyo ni ya kimila pia, kwa hiyo inazibana pande zote, iwe vita vyetu vitaitwa vya ndani au vya kimataifa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Zagreb, mji mkuu wa Kroatia. Tarehe 2 na 3 Mei 1995, majeshi ya Waserbia wa Krajina, eneo lililokuwa limejitenga na Kroatia, yaliupiga mji huo kwa maroketi ya M-87 Orkan. Watu 7 waliuawa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Hospitali ya watoto ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopigwa. Milan Martić, aliyekuwa rais wa Krajina, alishtakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Yugoslavia ya zamani. Upande wake ulidai kwamba Zagreb ilikuwa na malengo ya kijeshi, ikiwemo Wizara ya Ulinzi na uwanja wa ndege wa Pleso.

Majaji hawakuanza kwa kuhesabu maiti. Waliichunguza silaha yenyewe. Roketi moja ya Orkan ilibeba vibomu 288. Ilirushwa kutoka umbali wa karibu kilomita 50, ambao ndio mwisho wa uwezo wake, na kwa umbali huo inaweza kupotoka kwenye shabaha kwa takriban kilomita moja. Ukiielekeza Wizara ya Ulinzi, unachopiga kwa kweli ni mtaa mzima, na hujui ni mtaa upi. Basi wakaamua kwamba kuwepo kwa malengo ya kijeshi mjini hakubadilishi kitu, kwa sababu silaha ile isingeweza kuyapata. Mwaka 2007 Martić alihukumiwa kifungo cha miaka 35, na mwaka uliofuata rufaa ikakiacha kifungo hicho kama kilivyo.

Leta hoja hiyo Kivu. Mtambo wa kurushia roketi wa Grad una mirija 40 ya roketi za milimita 122, na unaweza kuimaliza yote kwa takriban sekunde 20. Roketi zake za kawaida hazina kifaa cha kuziongoza hadi kwenye shabaha, na kwa masafa marefu hutawanyika kwa mamia ya mita. Kwenye mbuga tupu, hiyo ni silaha ya vita. Ukingoni mwa kambi ambamo vibanda vya maturubai vimebanana, yeyote anayeielekeza huko amekwisha kuvunja sheria kabla hatujafika kwenye mizani ya uwiano.

Na mizani yenyewe haimsaidii. Faida inayopimwa lazima iwe ya wazi na ya moja kwa moja. Mtambo wa roketi ukishafyatua, hauna sababu ya kubaki pale pale. Wanajeshi wake wanajua kwamba majibu yako njiani, hivyo huwasha injini na kuondoka. Anayejibu dakika kadhaa baadaye bila kuuona anapiga mahali ulipokuwa. Faida yake imeshuka karibu na sufuri, na raia wako pale pale. Ibara ya 57 inamtaka asitishe.

Sasa upande wetu, Mheshimiwa. Mtambo ule unapoondoka, kambi haiondoki. Ibara ya 58 inazitaka pande zote, kadiri inavyowezekana, ziepuke kuweka malengo ya kijeshi ndani ya maeneo yenye watu wengi au karibu nayo. Maneno hayo "kadiri inavyowezekana" ndiyo makamanda wetu wanayojificha nyuma yake. Najua Goma ilikuwa imebanwa kati ya ziwa, volkano na adui, na nafasi ilikuwa finyu kwelikweli. Lakini ufinyu hauelezi kwa nini mzinga ufyatue kutoka kando ya vibanda, kisha watu wasiambiwe lolote. Adui naye hapati ruhusa kwa kosa letu, wala sisi kwa lake. Ibara ya 51 inasema hivyo waziwazi.

Usitegemee sheria ikutajie idadi ya mita. Katika kesi ya jenerali Ante Gotovina wa Kroatia, majaji wa mwanzo walitumia kipimo cha mita 200 kuamua ni makombora gani yalikosa shabaha halali. Mwaka 2012 rufaa ilikitupa kipimo hicho kwa kukosa msingi, na Gotovina akaachiwa huru. Kwa hiyo namba lazima itoke kwako, kwa kila aina ya silaha, kutokana na mtawanyiko wake na mtawanyiko wa silaha ambayo adui atajibu nayo. Weka amri ya maandishi kwamba hakuna mtambo wa roketi utakaofyatua ndani ya umbali huo kutoka kambi, soko, shule au hospitali, na kwamba agizo hilo linawahusu pia wanamgambo wa Wazalendo wanaopigana bega kwa bega na jeshi.

Pili, kila kikosi cha mizinga kiandike saa, mahali, mwelekeo na idadi ya makombora kila kinapofyatua. Shimo la kombora na mabaki ya mkia wa roketi humwonyesha mtaalamu lilikotokea. Daftari likiwepo, tuhuma za kila upande zinaweza kupimwa. Lisipokuwepo, neno letu lina uzito sawa na neno la Kigali.

Goma haimo mikononi mwa serikali tangu Januari 2025, lakini vita havijakwisha. Oktoba 2024 Mwendesha Mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai alitangaza kuufufua uchunguzi wake kuhusu Kongo, akiweka mkazo kwenye uhalifu wa Kivu Kaskazini tangu Januari 2022. Mugunga imo ndani ya muda huo. Ninakuomba uitangaze hadharani ramani ya mahali mizinga yetu ilipokuwa asubuhi ile ya 3 Mei, pamoja na jina la cheo kilichotoa amri ya kuiweka hapo. Vita vimekwisha kuhama kutoka mstari ule, hivyo sioni siri ya kijeshi inayobaki humo.

Wako katika kutetea raia,
Mwalimu wa sheria ya vita, Kivu