Kuhusu hesabu ya jirani yako

Tanga

Shoga yangu Zuhura,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia mmeshapata nyumba hapo Minneapolis. Umeniuliza kama ile hesabu ya jirani yako ni ya kuaminika: chukua Selsiasi, zidisha mara mbili, ongeza 30, umepata Farenhaiti. Kwa hali ya hewa itumie bila wasiwasi.

Hesabu kamili ni kuzidisha kwa 1.8, kisha kuongeza 32. Jirani yako kaipandisha 1.8 ikawa 2, akaishusha 32 ikawa 30, na kwenye Selsiasi 10 hayo mawili yanafidiana: jibu ni 50 barabara. Kutoka hapo, kila ukipanda Selsiasi 5, jibu lake linazidi kwa Farenhaiti moja. Joto letu la 30 atakwambia ni 90, kumbe ni 86. Ukishuka, linapungua vivyo hivyo: kwenye sifuri atasema 30 badala ya 32. Kwa kuchagua koti, hiyo si kitu.

Ninachohofia ni kipimajoto cha homa, maana huko kinasoma Farenhaiti na wewe utaigeuza hesabu: toa 30, gawa kwa mbili. Sasa mtoto kachemka usiku, kipimajoto kinasema 104. Ukitoa 30 inabaki 74, nusu yake 37. Utasema mwili uko sawa, urudi kulala, na mtoto ana 40 kamili! Hata 100.4, ambayo ndiyo 38 yetu tunayoanza kuiita homa, itakupa 35 na kitu, kama vile mtoto kapoa mno. Umekosea digrii tatu tu, lakini kwenye mwili wa mtu tatu hizo ndizo zinazotenganisha mzima na mgonjwa.

Kwa hiyo kwenye homa usikokotoe. Andika kwenye karatasi, ubandike kwenye friji: 98.6 ni 37, 100.4 ni 38, 102.2 ni 39, 104 ni 40. Na mwambie shemeji akichunguze hicho kipimajoto. Vingi vina namna ya kubadilisha kisome Selsiasi.

Kwenye oveni ndiyo usiseme. Keki yako ya 180 jirani ataiweka 390, nayo itaungua juu kabla ya kuiva ndani. Ukitaka jibu la kweli, ukishazidisha mara mbili punguza sehemu moja ya kumi, ndipo uongeze 32. Yaani 180 inakuwa 360, toa 36 inabaki 324, ongeza 32 upate 356. Oveni za huko utaiweka 350, inatosha.

Mama anakusalimu sana, anauliza kama iliki huko inapatikana au tukutumie. Wabusu watoto.

Wako,
Mwanahawa