Nililia kazini, wakachanga rambirambi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 36, keshia katika tawi moja la benki hapa Tanga. Nina mke na watoto wawili. Nakuandikia kwa sababu jambo langu nikimweleza mtu wa karibu atacheka kwanza, na mimi sijafika mahali pa kucheka.

Ilikuwa mwisho wa mwezi, siku ya mishahara. Tulipofunga kaunta saa 10 jioni, nikahesabu fedha zangu nikakuta shoti ya shilingi 270,000. Kwa wasiojua kazi yetu, shoti ni pale mfumo unaposema unatakiwa kuwa na kiasi fulani na wewe mkononi una pungufu. Isipopatikana, huwa inakatwa kwenye mshahara wako.

Mimi sikubabaika. 270,000 inagawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, na makeshia wa zamani walitufundisha kwamba tofauti ya namna hiyo mara nyingi ni tarakimu mbili zilizopinduana. Nikajua huenda kuna mtu kaleta 360,000 nami nikaandika 630,000. Mfumo unadhani nimepokea 630,000, droo ina 360,000, tofauti ndiyo hiyohiyo. Kilichobaki ni kupekua slipu za siku ile.

Slipu alikuwa nazo supavaiza. Nikaenda kumwomba. Kabla sijamaliza sentensi akanigeukia mbele ya vijana wawili wa mafunzo, akasema, "Wewe kila mwezi una hadithi. Fedha ya watu haina hadithi." Shangazi, katika miaka 7 hiyo ilikuwa shoti yangu ya pili. Nikapandwa na hasira ambayo sijui niielezeje, na hapo ndipo ugonjwa wangu unapoanzia: mimi nikikasirika sana silii kwa huzuni, nalia kwa hasira. Donge likanikaba kooni, jibu ninalo kichwani, naiona kabisa ile 9, lakini sauti haitoki. Machozi yakaanza.

Sasa fikiria picha hiyo. Keshia ana shoti, kaulizwa, analia. Nani ataona hasira pale? Niliona macho ya wale vijana, nikajua wanachowaza. Ndipo meneja wa tawi akatoka ofisini, akaniona, akanishika bega kwa upole: "Mwanangu, kuna msiba?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Sikupanga. Naapa sikupanga. Ulikuwa mlango pekee uliofunguka nami nikapita. Meneja akamwambia supavaiza aniache, nikaruhusiwa kufunga droo na kwenda nyumbani. Kesho yake asubuhi slipu ikapatikana, 360,000 kama nilivyodhani, akaunti ya mteja ikarekebishwa kabla hajagusa zile za ziada. Shoti ikafa. Msiba ukabaki.

Usiku uleule kwenye kundi la wasapu la tawi orodha ya rambirambi ilikuwa imeshafika majina tisa. Wengi waliandika 10,000, mlinzi wetu 5,000, na mshahara wake naujua. Nikaogopa, nikaandika haraka: "Ndugu zangu ahsanteni, si msiba, ni mgonjwa. Mama mdogo, Korogwe." Nilidhani nimepunguza uongo. Wakajibu kwa dua, na asubuhi mweka hazina wetu akaniletea bahasha ya kaki imeandikwa kwa kalamu nyekundu "Pole ya mgonjwa", ndani 85,000. Mpaka leo ipo kabatini chini ya mashati. Sijaihesabu tena, na kwa mtu anayehesabu fedha kutwa nzima hilo si jambo dogo.

Mama mdogo mwenyewe ni mzima wa afya. Juzi kanipigia simu kuuliza bei ya mahindi mjini. Nilipomaliza kuongea naye nilijisikia kama mtu aliyemtabiria ugonjwa.

Upande wa machozi yenyewe nimeshatafuta msaada kidogo. Shemeji yangu ni muuguzi, nikamuuliza bila kumwambia yote. Alinieleza kwamba mtu akianza kulia, mlango wa hewa kooni hutanuka ili avute hewa nyingi, na ukijaribu kumeza unataka kufunga. Mvutano huo ndio lile donge. Akaniambia donge likija ninywe maji kwa mafunda madogo, nivute pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6 au 7. Nisifikiche macho, maana kufikicha ndiko kunakoyavimbisha zaidi; niweke leso iliyoloweshwa maji ya baridi juu ya kope na kuiacha itulie.

Nimejaribu, inasaidia nikiwahi wakati bado ni donge. Machozi yakishashuka imekwisha: nahitaji kama robo saa sauti irudi, na macho mekundu hukaa zaidi ya hapo. Na keshia hainuki tu akaenda msalani. Lazima utoke kwenye mfumo, ufunge droo, uchukue ufunguo, huku foleni inakutazama kupitia kioo. Kinachonifaa mimi ni kuchukua bunda la noti 100 na kulihesabu upya kwa mkono, polepole, bila mashine. Nikifika 60 hivi pumzi inakuwa imetulia. Lakini huwezi kuhesabu noti usoni mwa mkubwa wako anapokugombeza, ataona dharau.

Mke wangu anasema ninyamaze, mgonjwa "atapona" na mambo yataisha. Rafiki yangu mmoja anasema nimwambie meneja peke yake, mlango umefungwa, kwamba siku ile nililia kwa hasira na nilikubali msiba kwa kushindwa kusema. Naona maana ya hilo. Ninachoogopa ni kwamba nipo kwenye orodha ya watakaofikiriwa kushika ufunguo mmoja wa chumba cha fedha. Nikisema ukweli, nitakuwa mwanamume anayelia akigombezwa na anayedanganya akibanwa. Nikinyamaza, nitakuwa mwenye mgonjwa, na wenye wagonjwa huhurumiwa, lakini kila asubuhi mlinzi yule wa 5,000 ananisimamisha getini: "Mama anaendeleaje?" Nami najibu, "Anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu." Siku hizi napita geti la nyuma.

Naomba unisaidie mambo mawili. Kwanza, kama kumweleza mtu ni lazima, nianze na nani: meneja aliyenionea huruma, mweka hazina aliyeniletea fedha za watu, au supavaiza ambaye ndiye chanzo na ambaye hajaniomba radhi hadi leo? Pili, nikihisi donge linakuja mbele ya mkubwa, niseme neno gani fupi la kuniondoa pale bila kuonekana nimekimbia swali? Nimejizoeza "Nipe dakika 5 nikuletee slipu", naisema vizuri sana mbele ya kioo cha bafuni, sijui kazini itatoka.

Nakuomba unijibu mapema. Wenzangu wameshakodi Noah, Jumamosi hii wanakwenda Korogwe kumwona mgonjwa, na mimi ndiye nitakayewaonyesha njia.

Wako,
Keshia, Tanga