Mhudumu alisoma jina la mke wangu mbele ya mashemeji

Shikamoo Shangazi. Ni saa tisa usiku na bado niko macho, mwenzangu kalala zake kama hakuna lililotokea. Umeshajibu wengi wenye ndoa na mishahara, kwa hiyo sitarudi mwanzo kabisa. Nataka uniambie kama mwanaume akiumia kwa jambo kama hili ana makosa.

Jumapili tulitoka na mashemeji, kaka zake wawili waliokuja kutoka Moshi. Tulikwenda palepale tunapokwenda siku zote, mbuzi choma na ndizi, soda za watoto, bia kidogo. Bili ikaja Sh 86,000. Kawaida yetu, na yeye anaijua, hunirushia hela kwenye simu tukiwa bado mezani, kimya kimya, halafu nalipa mimi. Siku hiyo alikuwa ananogewa na hadithi za kaka yake, akashika simu, akaingiza lipa namba, akalipa mwenyewe. Basi yule mhudumu, badala ya kuangalia ujumbe na kwenda zake, akausoma kwa sauti: "Imeingia, elfu themanini na sita, kutoka kwa..." akamalizia majina yote matatu ya mke wangu. Shemeji mkubwa akanigeukia: "Shem, hongera, unatunzwa." Wakacheka. Mke wangu naye akacheka.

Usinielewe vibaya, sina wivu na mshahara wake. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Ukiondoa kodi, mfuko wa pensheni, bima, na ile asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo, mkononi nabaki na kama 640,000. Yeye yuko kwenye mradi, anapata 1,380,000. Nilijua hivyo nikiwa namchumbia, na mimi ndiye niliyemhimiza aombe ile nafasi.

Tulipooana tulifungua akaunti ya pamoja. Benki walituuliza tunataka saini za wote wawili au yeyote mmoja atoshe. Ukichagua wote wawili, hakuna anayetoa hela bila mwenzake, ila hata ya gesi mnafuatana hadi dirishani. Tukachagua yeyote mmoja. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye fomu ni ya kwake, maana siku hiyo yangu ilikuwa imezimika. Tangu hapo nikitoa hata 10,000, ujumbe unaingia kwake. Hajawahi kuniuliza, lakini najua anaona.

Matumizi ya nyumba ni kama 900,000 kwa mwezi. Kodi 250,000 tunaiweka kando kwa sababu mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mpigo, ada za watoto tunatenga 200,000, chakula na gesi 300,000, dada wa kazi 90,000, zilizobaki ni LUKU na maji. Nilisema tugawane nusu kwa nusu, 450,000 kila mtu. Mke wangu ndiye hakutaka. Alichukua daftari la mtoto akapiga hesabu kwa uwiano wa mishahara, ikatoka mimi 285,000 na yeye 615,000. Halafu akaleta nyingine, eti tuweke kiasi ambacho kila mmoja atabaki na hela sawa ya mfukoni, 560,000 kwa 560,000. Kwa hesabu hiyo mimi nichangie 80,000 tu. Shangazi, 80,000! Dada wa kazi analipwa zaidi ya hapo. Nikamwambia hapana, nusu kwa nusu, mimi ndiye baba wa nyumba hii.

Sasa ukitoa 450,000 kwenye 640,000 inabaki 190,000. Humo kuna nauli, vocha, hela ya mama kijijini, michango ya harusi na misiba, na kazini kwetu michango haiishi. Hiyo nyama ya Jumapili ningeilipia na nini? Ndiyo maana ananirushia. Sasa kama anajua hilo, kwa nini alilipa kwa jina lake mbele ya kaka zake? Alishindwa nini kunirushia kama siku zote?

Nilimuuliza usiku ule ule. Akanijibu, "Nilisahau. Halafu si hela yetu?" Nikamwambia kama ni yetu angelipa kwa kadi ya akaunti ya pamoja, siyo kwa laini yake. Akasema akaunti ya pamoja ina hela za ada na kodi, haziliwi nyama. Hapo alinishinda, lakini bado haikuwa sawa. Yule mhudumu alisoma majina yote matatu, Shangazi, na meza ya jirani walisikia.

Mwalimu mwenzangu anayefundisha uraia aliniambia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kutunza mke ni wajibu wa mume, chakula, mavazi na malazi, na kwamba mke mwenye uwezo anabanwa kumtunza mume pale tu mume anaposhindwa kujipatia riziki kwa sababu ya maradhi ya mwili au akili. Mimi siumwi. Sasa shemeji aliposema "unatunzwa" alimaanisha nini? Huyo huyo mwenzangu akasema kilichoandikwa kwa majina ya wote wawili sheria inakichukulia kuwa ni cha wote sawasawa, mpaka mtu athibitishe vingine. Kwa hiyo akaunti ile nusu ni yangu hata kama hela nyingi zingekuwa za kwake. Nilifarijika, halafu nikajiuliza kwa nini nafarijika na jambo hilo.

Wakati mwingine nafikiri tuifunge tu, kila mtu na akaunti yake, mimi nishike kodi na ada, yeye chakula na dada. Inaonekana ni nusu kwa nusu ileile. Ila kodi na ada zina tarehe na kiwango chake, haziongezeki katikati ya mwezi. Chakula hakina mwisho, mtungi ukikata, mgeni akija, mtoto akiumwa, ni yeye huyo. Dada yangu ana mpango huo na kila siku analia kwamba vitu vya mumewe vinaonekana, vya kwake vinaliwa. Sitaki mke wangu aseme hivyo kwa watu. Lakini pia sitaki ujumbe wangu uingie kwenye simu ya mtu mwingine.

Kuna jambo dogo, nalitaja tu ili uelewe. Tangu Februari, nusu yangu nimekuwa nikiitimiza kwa kukopa kwa jamaa mmoja hapa mjini, hawa wanaoitwa kausha damu. Ukichukua 200,000 unarudisha 260,000 mwisho wa mwezi. Kadi yangu ya mshahara anayo jamaa huyo na namba ya siri anayo. Mshahara ukiingia anakata chake kwanza, ndipo ananikabidhi kinachobaki, nacho hakifikii nusu, nakopa tena. Walimu wengi tunaishi hivyo, siyo mimi peke yangu. Mwezi uliopita haikutosha kabisa, nikachomoa 150,000 kwenye akaunti ya pamoja, nikairudisha siku ya tatu kama mchango wangu. Jumbe zote mbili mke wangu aliziona. Hakusema neno.

Sasa sijui alisahau kweli kunirushia Jumapili, au ndiyo njia yake ya kusema anajua. Ile hesabu ya 285,000 naona ingenitoa kwa huyu jamaa ndani ya miezi michache. Lakini nikiikubali leo ataniuliza kwa nini niliikataa tangu mwanzo, na kwa nini naikubali wiki hii hii ya mashemeji. Naikubali vipi bila kuonekana ninatunzwa? Na kama jibu lako ni kwamba nimwambie kila kitu, basi niambie nianzie na lipi, kadi au ile 150,000.