Printa unayoifuta inarudi kila asubuhi? Angalia poti yake kwanza

Ofisi ndogo za Mjini Unguja, na wateja wanaotupigia simu kutoka Chake Chake, hutueleza jambo lile lile: "Fundi, hii printa naifuta na inaondoka, lakini asubuhi nikiwasha kompyuta naikuta ipo tena, na jina limeongezwa Copy 1." Kuifuta mara ya pili hakusaidii, kwa sababu Windows yenyewe ndiyo inayoirudisha.

Chukua ofisi moja ya utalii Mji Mkongwe. Ina printa moja tu, imeunganishwa kwa waifai, lakini kompyuta ya mapokezi ilikuwa inaonesha tatu. Mbili zimeandikwa Offline, na moja kati ya hizo mbili ndiyo iliyokuwa imewekwa kuwa printa ya kawaida. Wageni wanasubiri risiti, karatasi haitoki. Tulifungua PowerShell tukaandika:

```
Get-Printer | Select-Object Name, PortName
```

Safu ya pili, yaani poti ambayo kompyuta hupitia kuifikia printa, ndiyo inayosema ukweli. Printa mbili zilikuwa na poti inayoanza na `WSD-`, na moja ina anwani, `192.168.1.23`, ambayo printa haikuwa nayo tena. WSD ni njia ya printa kujitangaza kwenye mtandao, na Windows ikisikia tangazo hilo hujisajilia printa bila kumuuliza mtu. Ukifuta, printa inatangaza tena, nayo inasajiliwa tena. Ile ya anwani ilikufa kwa sababu nyingine: umeme ulikatika, ruta ikawaka upya na kuipa printa namba tofauti.

Kwa hiyo zima usajili huo kabla ya kufuta chochote. Watu wengi huanza kufuta, na ndiyo maana kazi haimaliziki. Kwenye Windows 11 nenda Settings, Network & internet, Advanced network settings, kisha Advanced sharing settings. Chini ya Private networks, kwenye Network discovery, ondoa alama ya "Set up network connected devices automatically". Windows 10 ina chaguo hilo hilo ndani ya Control Panel, Network and Sharing Center. Fanya hivyo kwa kila kompyuta ya ofisi.

Sasa futa, ukianzia Printers & scanners. Printa ikigoma, au ikibaki imeandikwa Deleting, kuna kazi iliyokwama kwenye foleni yake. Fungua Command Prompt kwa Run as administrator, uandike haya. Yatafuta kazi zote zinazosubiri kuchapishwa, kwa hiyo mwenye hati yake aichape upya baadaye.

```
net stop spooler
del /Q "%systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*"
net start spooler
```

Baada ya hapo tuliingia kwenye ruta na kuifungia printa anwani moja, `192.168.1.50`, ili umeme ukikatika isihame. Tukaiongeza upya kwa mkono: Add device, Add manually, "Add a printer using an IP address or hostname", na kwenye Device type tukachagua TCP/IP Device. Usiiache kwenye Auto-detect. Mwisho, zima "Let Windows manage my default printer", ili uchague mwenyewe printa ya kawaida.

Printa nyingi za ofisi zina ukurasa wa mipangilio unaofunguka ukiandika anwani yake kwenye kivinjari, na humo unaweza kuizima WSD moja kwa moja. Ni dawa kali zaidi, lakini uliza kwanza kama kuna anayeskani kutoka kwenye printa kwenda kwenye kompyuta, maana kwa baadhi ya mashine njia hiyo inategemea WSD na itakatika.

Ikiwa poti ni `USB001` au `USB002`, mambo ni mepesi: waya umehamishiwa tundu jingine na Windows ikadhani ni printa mpya. Rudisha waya palepale ulipokuwa, ufute iliyozidi.

Printa yenye jina linaloanza na mistari miwili, mfano `\\seva\printa`, usihangaike nayo. Hiyo huenda inasukumwa na seva ya taasisi yako kila unapoingia, na hakuna utakachofuta kwenye kompyuta yako kitakachodumu. Mwambie msimamizi wa mtandao wenu aiondoe kule.

Ukimaliza, washa upya kompyuta, printa na ruta, subiri kidogo, kisha rudia ile amri ya `Get-Printer`. Ikiwa `WSD-` imerudi, tutumie picha ya skrini hiyo kabla hujabeba mashine kuja dukani. Mara nyingi tunaweza kukuelekeza kwa simu.