Barua kwa mdogo wangu: usiku ule wa kungumanga

Mdogo wangu mpendwa,

Jina lako silitaji. Naandika mbele ya watu kwa sababu Jumatatu uliniuliza, "Dada, mbona sikupata stimu, nikapata mateso tu?" na rafiki zako wawili wa hapo Sinza wameniuliza hivyo hivyo. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, na swali hili lina jibu.

Uliniambia ulianza saa mbili usiku, kijiko cha chakula kilichojaa unga wa kungumanga, ukakishushia na soda. Saa tatu na nusu hukuwa umesikia chochote, ukaona umedanganywa, ukaongeza kijiko kingine. Hapo ndipo ulipojiumiza. Pombe huchanganyika na maji, hupita haraka tumboni kuingia kwenye damu, na baada ya dakika chache mnywaji anajua kiasi alichofika. Vitu vikali vya kungumanga, miristisini na wenzake elemisini na safroli, ni vya mafuta. Vimo ndani ya mbegu ambayo yenyewe ina mafuta mengi, na hutoka humo polepole wakati tumbo likiendelea kusaga. Mara nyingi dalili huanza baada ya saa tatu hadi sita. Uliongeza kijiko cha pili kabla cha kwanza hakijasema neno, na vyote viwili vikakupata saa saba usiku.

Na kwa nini haikuwa raha? Mtu anayetafuta stimu hudhani kuna kiasi fulani ambacho kichwa kinachangamka na mwili umetulia. Kwa kungumanga nafasi hiyo karibu haipo. Sumu imeripotiwa kwa watu waliokula gramu tano hivi, na kijiko kimoja cha chakula kinapita hapo. Kiasi kinachoweza kuvuruga akili ndicho hicho kinachokausha kinywa, kinachopeleka moyo mbio, kinachotia kichefuchefu na kinachoziba mkojo. Akili nayo haipati furaha. Watu wengi husimulia hofu nzito, kama vile kifo kimesimama mlangoni. Uliponipigia saa nane ulisema, "Dada, nakufa, njoo." Sijaisahau sauti ile.

Zamani pia ilikuwa hivyo. Mwaka 1576 mtaalamu wa mimea Lobelius aliandika habari za mwanamke mjamzito wa Uingereza aliyekula kungumanga kama 10 au 12 akarukwa na akili.

Rafiki yako mmoja alisema amesikia kwamba mwilini miristisini hugeuka kuwa amfetamini. Wazo hilo lilitolewa na wanasayansi miaka ya 1960, lakini halijathibitishwa kwa binadamu. Tunachojua ni kwamba ini huvunjavunja vitu hivi, na kwa kuwa vinapenda mafuta, vinachukua muda kwisha. Ndiyo maana Jumapili nzima ulisinzia na kushtuka, ukisinzia tena, na Jumatatu asubuhi kichwa kilikuwa bado kizito na macho yanakataa mwanga. Saa 24 ni kawaida, na wengine hupita siku mbili.

Mama alipokuuliza kama basi aache kuweka kungumanga kwenye pilau, nilisikitika, kwa sababu viungo vyake havina kosa. Yeye hukuna kipande kidogo kwa sufuria ya watu kumi, kwa hiyo sahani moja inapata chembe tu. Kilichokuumiza ni kiasi.

Tulipofika hospitali saa tisa, mkaa wa dawa haungesaidia tena, maana hufaa mapema, kabla sumu haijaondoka tumboni. Dawa ya kuiondoa kungumanga mwilini haipo. Walichoweza kufanya ni kukuwekea dripu, kufuatilia mapigo ya moyo, kukupa dawa ya kukutuliza, kukuwekea mpira wa mkojo, na kusubiri. Jambo lililonikera ni lile la mkojo. Kipimo cha kawaida cha dawa za kulevya hakitafuti kungumanga, kikasema huna kitu, na kwa saa mbili daktari alihangaika akidhani ni ugonjwa wa akili au ni sumu nyingine. Wewe ulinyamaza kwa aibu mpaka alfajiri ilipokaribia.

Basi mkiwa pamoja na mmoja wenu akala, msisubiri aone kama itapita. Asiongeze hata kidogo, asichanganye na pombe wala dawa nyingine, asilale chali peke yake chumbani, maana akitapika anaweza kupaliwa. Akichanganyikiwa, akizimia, akipata degedege au maumivu ya kifua, mpandisheni bajaji au gari lolote lililo karibu. Mkifika mapokezi, kabla hamjaulizwa jina, semeni wazi: amekula kungumanga, kiasi hiki, saa hii.

Dada yako.